Shajara ya mradi: laha ya kukodisha mashine inayokula siku moja

Yadi yenyewe iko Mwanjelwa, Mbeya. Inakodisha mikisa za zege, vaibreta na kompakta kwa mafundi wa mjini na wa Uyole, Iyunga, Mbalizi hadi Tukuyu. Hesabu zake ziko kwenye laha moja ya Excel ambayo hufunguliwa pia kwenye simu kupitia Google Sheets. Safu ni hizi: A namba ya risiti, B namba ya mashine, C tarehe ya kuchukua, D tarehe ya kurudisha, E bei kwa siku, F siku, G kiasi. Bei zinazotumika humu ni shilingi 70,000 kwa mikisa, 60,000 kwa kompakta na 30,000 kwa vaibreta. Mwenye yadi au duka la mahema anayetaka kunakili kazi hii abadilishe bei tu, hesabu zitabaki hizi hizi.

10 Machi 2025: kasoro ilivyojitokeza

Fundi alichukua mikisa Jumatatu tarehe 3 Machi, akalipia siku tano kabisa, shilingi 350,000. Akairudisha Ijumaa tarehe 7 jioni. Karani alipojaza tarehe ya kurudisha, laha ikaandika siku 4 na kiasi cha 280,000. Fundi akaiona kwenye kioo, akadai arudishiwe 70,000, na akapewa.

Hesabu kwa vidole: tarehe 3, 4, 5, 6, 7. Ni siku tano, na mikisa ilizungusha zege siku zote tano. Fomula iliyokuwa kwenye safu ya F ni hii:

```
=D2-C2
```

Excel huhifadhi kila tarehe kama namba ya mfululizo. Tarehe 3 Machi 2025 ni 45719, na tarehe 7 ni 45723. Ukitoa moja kutoka nyingine unapata 4, yaani hatua zinazotoka tarehe ya kwanza kufika ya mwisho. Siku ya kuanzia haina hatua yake, kwa hiyo imeachwa nje, au ukipenda sema ya mwisho ndiyo iliyoachwa. Jibu ni lile lile.

Fomula hii haina ubovu wowote ikiwa mahali pake. Gesti inaihitaji hivyo hivyo ilivyo: mgeni anayeingia tarehe 3 na kutoka tarehe 7 asubuhi amelala usiku nne, na analipa usiku nne. Kiolezo cha laha hii kina alama zote za kutoka kwenye biashara ya vyumba, kwani safu ya D ilikuwa bado na jina la "Kutoka". Anayeuza usiku atoe tu. Anayeuza siku za kazi, yaani siku ambazo mashine iko mikononi mwa mteja, ahesabu ncha zote mbili.

Dalili nyingine ilikuwepo muda mrefu. Vaibreta inayochukuliwa asubuhi na kurudishwa jioni ya siku hiyo hiyo ilikuwa inatoa 0. Karani alikuwa anafuta fomula na kuandika 1 kwa mkono. Namba hizo za mkono zimetapakaa kwenye laha na zitasumbua huko mbele, kwa sababu seli iliyoandikwa kwa mkono haibadiliki fomula ikirekebishwa.

12 Machi 2025: kuongeza moja

Rekebisho la kwanza ni lile ambalo kila mtu hulifikiria:

```
=D2-C2+1
```

Tarehe 3 hadi 7 ikatoa 5. Tarehe 3 hadi 3 ikatoa 1, hakuna tena haja ya kuandika kwa mkono. Kompakta iliyotoka tarehe 5 ikarudi tarehe 6 ikatoa 2 badala ya 1. Hapo ndipo uzito unapoonekana: kodi ya siku mbili ilikuwa inaingiza nusu ya fedha yake, wakati kodi ya mwezi mzima ilikuwa inapungua siku moja kati ya 31. Yadi yenye kodi fupi fupi ndiyo inayoumia zaidi, na kodi nyingi za mashine za zege ni fupi.

Majaribio ya kubadilisha jina la fomula hayakusaidia kitu. `DAYS(D2,C2)` na `DATEDIF(C2,D2,"D")` zote hutoa 4 kwa mfano ule ule. Ni kutoa kule kule kwa nguo nyingine, nazo zinataka `+1` vile vile.

14 Machi 2025: mistari mitupu ikaanza kuhesabu

Fomula mpya ilivutwa hadi mstari wa 100 ili karani asihangaike kila asubuhi. Jumla ya siku chini ya laha ikapanda bila mashine kutoka. Sababu: seli tupu kwa Excel ni 0, na 0 kutoa 0 kuongeza 1 ni 1. Kila mstari mtupu ulikuwa umekodishwa siku moja. Kiasi cha fedha hakikuguswa, maana bei ilikuwa tupu nayo, na ndiyo sababu kosa hili laweza kukaa muda bila kuonekana.

Upande wa pili ulikuwa mbaya zaidi. Mashine iliyotoka na haijarudi ina C lakini haina D. Kwa iliyotoka tarehe 3 Machi, laha iliandika siku -45718, na kiasi kikawa hasi cha mabilioni. Fomula ya zamani nayo ilikuwa inafanya hivyo, ila karani alikuwa haivuti mpaka mashine irudi.

Fomula iliyobaki kutumika:

```
=IF(OR(C2="",D2=""),"",IF(D2<C2,"KAGUA",D2-C2+1))
```

Na safu ya G:

```
=IF(ISNUMBER(F2),F2*E2,"")
```

Neno KAGUA linatokea tarehe zikipinduka. Tarehe iliyoandikwa kwa nukta, kama 7.3.2025, huenda ikachukuliwa kama maandishi, na hapo seli hutoa `#VALUE!` ikiwa iko kwenye D, au KAGUA ikiwa iko kwenye C. Ni afadhali hivyo. Kosa linalopiga kelele linarekebishwa siku hiyo hiyo. Kama laha inakataa koma ndani ya fomula, mipangilio ya lugha ya kompyuta hiyo inataka nukta-mkato; badilisha koma zote, si moja moja.

18 Machi 2025: makosa mawili yaliyokuwa yanafichana

Huu ndio ugomvi mkubwa wa kazi yote, na yeyote anayenakili asome hapa kwa utulivu.

Fundi wa Iyunga alilipia siku tano kuanzia Jumatano tarehe 12 Machi. Risiti yake ilisema arudishe tarehe 17. Akarudisha tarehe 17. Laha iliyorekebishwa ikasema siku 6, na karani akadai 70,000 zaidi.

"Dada, soma risiti yako mwenyewe. Mimi nimerudisha siku uliyoniandikia."

Fundi alikuwa na haki, akaachiwa. Tarehe ya kurudisha kwenye risiti ilikuwa inatolewa na seli nyingine, kwenye laha ya kuchapia, kwa kujumlisha tarehe ya kuchukua na idadi ya siku zilizolipiwa:

```
=C2+H2
```

H ni siku zilizolipiwa. Tarehe 12 ukiongeza 5 unapata 17, lakini siku tano kuanzia tarehe 12 ni 12, 13, 14, 15, 16. Seli hii ilikuwa inampa mteja siku ya sita bila kulipia.

Sasa tazama jinsi zilivyokuwa zinasaidiana. Upande wa kutoa: 12 ongeza 5 ni 17. Upande wa kupokea: 17 toa 12 ni 5. Mteja kalipa tano, laha inasema tano, hakuna anayelalamika, na mikisa imefanya kazi siku sita. Kila hesabu ikikaguliwa kwa kutumia nyingine inaonekana safi. Fundi wa tarehe 3 Machi aliifichua kwa bahati tu, kwa sababu alimaliza kazi siku moja kabla ya tarehe ya risiti yake.

Ukirekebisha upande wa kupokea pekee unahamisha hasara kutoka kwa yadi kwenda kwa mteja. Lazima pande zote mbili zibadilike kwa pamoja, siku moja:

```
=C2+H2-1
```

Kodi ya wiki inapimwa hapa. Mikisa ikitoka Jumatatu tarehe 3, wiki yake inaisha Jumapili tarehe 9, si Jumatatu tarehe 10. Mteja akisema "wiki moja" kichwani mwake ana Jumatatu hadi Jumatatu, na hiyo ni siku nane. Kaunta sasa inataja siku ya mwisho kwa jina: "Unaitumia mpaka Jumapili jioni, fundi." Kutaja jina la siku kumepunguza mabishano kuliko kutaja tarehe.

Maneno ya risiti yalibadilishwa pia. "Kurudisha tarehe" haisemi kama siku yenyewe inalipiwa au la. Vitabu vya risiti vilivyokwisha kuchapwa havikutupwa. Ulitengenezwa muhuri wa mpira wenye maneno MWISHO WA KUTUMIA (SIKU HII INALIPIWA), kwa shilingi 25,000, unagongwa juu ya ile sehemu ya zamani. Safu ya D kwenye laha imepewa jina "Siku ya mwisho", na C "Siku ya kwanza".

25 Machi 2025: kodi iliyoongezwa muda

Machi ni masika, na Tukuyu mvua haina utani. Mikisa iliyopelekwa huko tarehe 14 ilikuwa irudi tarehe 19, mteja akapiga simu aongezewe hadi tarehe 22. Karani akafungua mstari mpya kuanzia tarehe 19, kama ilivyokuwa desturi.

Mstari wa kwanza: 14 hadi 19, siku 6. Wa pili: 19 hadi 22, siku 4. Jumla 10. Lakini kuanzia tarehe 14 hadi 22 ni siku 9. Tarehe 19 imelipiwa mara mbili.

Kwa fomula ya zamani desturi hii haikuwa na madhara mapya: 5 na 3 ni 8, sawa kabisa na 22 kutoa 14. Kutoa kwa kawaida kunaungana vizuri pale mwisho wa kipande kimoja unapokuwa mwanzo wa kingine. Ukihesabu ncha zote mbili, muungano huo unavunjika, na lazima kipande cha pili kianze siku inayofuata. Mstari wa pili ulipoanza tarehe 20 ulitoa siku 3, na 6 na 3 ni 9.

Ili karani asitegemee kumbukumbu, safu ya J inahesabu mistari ya mashine hiyo hiyo inayogusana:

```
=COUNTIFS(B:B,B2,C:C,"<="&D2,D:D,">="&C2)
```

Jibu la kawaida ni 1, yaani mstari unajigusa wenyewe. Ikiwa 2 au zaidi, kuna siku iliyoingia kwenye mistari miwili. Si kila mara ni kosa: vaibreta ikirudi saa 4 asubuhi na kutoka tena saa 6 mchana kwa mteja mwingine, wote wawili wanalipia siku hiyo, na ndivyo bei ya siku inavyofanya kazi. Lakini jina la mteja likiwa moja, ni kosa. Safu hii haioni mashine ambazo bado ziko nje, kwa kuwa D yake ni tupu.

Kuhusu mvua: mteja wa Tukuyu aliomba siku ambazo hakumwaga zege zisihesabiwe. Hilo ni la makubaliano kabla mashine haijatoka, halitatuliwi na fomula. Ikikubalika, punguzo linaandikwa kwenye safu yake. Kuchezea tarehe ili siku zipungue kunaharibu kila kitu kilichoelezwa hapo juu.

2 Aprili 2025: saa ndani ya tarehe

Kijana wa getini alianza kujaza kutoka na kurudi kwa fomu ya simu, ambayo huweka tarehe pamoja na saa. Mikisa ilitoka tarehe 28 Machi saa 10 jioni ikarudi tarehe 1 Aprili saa 3 asubuhi. Safu ya F ikaonyesha 5, sahihi. Safu ya G ikaonyesha 329,583.

Siku 5 kwa 70,000 ni 350,000, kwa hiyo F na G hazikubaliani, na macho yanaiamini F. Ndani ya seli hakukuwa na 5. Saa 10 jioni ni sehemu ya siku, 0.667, na saa 3 asubuhi ni 0.375. Tofauti halisi ilikuwa 3.708, ikaongezwa 1 ikawa 4.708, na muundo usio na desimali ukaikaza kuwa 5 machoni tu. Kuzidisha kukatumia 4.708. Namba ya fedha isiyoishia na sifuri kwenye laha ya bei za duara ni dalili ya kutosha kwamba kuna saa imejificha ndani ya tarehe.

Dawa ni kukata saa kabla ya kutoa, si baada:

```
=IF(OR(C2="",D2=""),"",IF(INT(D2)<INT(C2),"KAGUA",INT(D2)-INT(C2)+1))
```

Ukikata baada ya kutoa, `INT(D2-C2)+1`, unapata 4, na siku moja imepotea tena kwa mlango wa nyuma.

Kisha likaja ombi la mwenye yadi: mashine ikifika kabla ya saa 3 asubuhi, siku hiyo isilipiwe. Ombi ni la haki, kwa sababu mashine hiyo inaweza kukodishwa tena asubuhi ile ile. Fomula iliyojaribiwa:

```
=MAX(1,INT(D2)-INT(C2)+IF(MOD(D2,1)<TIME(9,0,0),0,1))
```

Kwa mistari ya fomu ya simu ilifanya kazi. Kwa mistari ambayo karani aliandika tarehe bila saa ilirudisha ugonjwa wote wa mwanzo. Tarehe isiyo na saa, kwa Excel, ni saa 6 usiku. Saa 6 usiku iko kabla ya saa 3 asubuhi, kwa hiyo kila mashine iliyoandikwa kwa mkono ilihesabiwa kama imerudi alfajiri, hata iliyoingia getini saa 11 jioni. Kodi ya siku tano ikawa nne.

Fomula hiyo ilitolewa. Kumlazimisha karani aandike saa kila mara ni kujenga nyumba juu ya kitu atakachokisahau wateja wakijaa kaunta. Badala yake, saa ya getini inabaki kwenye laha ya getini. Karani anaitazama, anaamua siku ya mwisho ya kulipia ni ipi, na anaandika tarehe hiyo kwenye D. Mashine iliyofika tarehe 1 Aprili saa 2 na dakika 20 asubuhi inaandikwa siku ya mwisho 31 Machi. Fomula haihitaji kujua lolote kuhusu saa. `INT` imeachwa ndani kama kinga ya tarehe zitakazonakiliwa na saa zake.

9 Aprili 2025: mikataba isiyolipia Jumapili

Kompakta za kazi za barabara zina makubaliano ya kutolipia Jumapili. Fomula yake:

```
=NETWORKDAYS.INTL(C2,D2,11)
```

Namba 11 inaondoa Jumapili pekee. Hii tayari inahesabu ncha zote mbili, haitaki `+1`. Tarehe 3 hadi 10 Machi ni siku 8 na Jumapili moja ndani yake, na inatoa 7. Aliyezoea kuongeza moja akiiongeza hapa anapata 8, na hiyo 8 inalingana na siku za kalenda, hivyo inapita bila kustukiwa. Sikukuu, kama Karume Day ya 7 Aprili, huingizwa kama orodha ya tarehe baada ya 11, ikiwa mkataba unazitaja. Usipozitaja, zinalipiwa.

15 Aprili 2025: laha ya likizo

Daftari la likizo za wafanyakazi liko kwenye faili hilo hilo, na lilikuwa na fomula ile ile ya kutoa. Ilidhaniwa ni kunakili rekebisho na kumaliza. Haikuwa hivyo, kwa sababu kichwa cha safu ya mwisho kilikuwa "Kurudi kazini".

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa likizo ya mwaka isiyopungua siku 28 mfululizo, na sikukuu zinazoangukia ndani yake zimo humo humo, haziongezwi. Mfanyakazi anayeanza likizo tarehe 1 Julai anamaliza tarehe 28 na anaripoti tarehe 29. Saba Saba iko katikati na haibadilishi kitu. Kwa safu ya "Kurudi kazini", 29 kutoa 1 ni 28. Sahihi bila `+1`, maana siku ya kuripoti si ya likizo.

Tatizo lilikuwa watu wawili waliokuwa wanajaza safu hiyo kwa namna mbili. Mmoja aliandika siku ya kuripoti, mwingine siku ya mwisho ya likizo. Mistari ya huyu wa pili ilitoa 27, na mfanyakazi akabaki na siku moja kwenye salio ambayo amekwisha kuitumia. Likizo ikigawanywa vipande, kila kipande kinaacha siku yake: vipande vinne vya siku saba vinaandikwa sita sita, jumla 24, na salio linaonyesha siku nne. Hapa anayepoteza ni mwajiri, lakini mtu akihesabiwa likizo kwa fomula yenye `+1` juu ya tarehe ya kuripoti, anayepoteza ni mfanyakazi, na hiyo inavunja sheria.

Safu zimetenganishwa. "Siku ya mwisho ya likizo" inaandikwa na mtu, na "Kuripoti kazini" inajihesabu yenyewe kuwa `=D2+1`. Likizo ya uzazi ya siku 84 ikianza 1 Julai 2025, siku ya mwisho ni `=C2+84-1`, yaani 22 Septemba, na kuripoti ni tarehe 23. Kipimo cha haraka: 84 inagawanyika kwa 7, hivyo siku ya kuripoti lazima iwe siku ile ile ya wiki aliyoanza. Zote ni Jumanne. Kipimo hicho kinafaa pia kwa siku 28, na kwa kodi yoyote ya wiki kamili.

`NETWORKDAYS` haifai kwa likizo ya mwaka ya aina hii, kwa kuwa siku 28 ni za kalenda.

30 Aprili 2025: kumbukumbu za nyuma na gharama

Laha ya Januari na Februari ina mistari 40. Kwanza zilitafutwa seli zilizoandikwa kwa mkono, kwa `=ISFORMULA(F2)` kwenye safu ya pembeni. Zilizotoa FALSE zilikuwa 9, karibu zote vaibreta za siku moja, na hizo ziko sahihi.

Zilizobaki 31 kila moja ilipungua siku moja: mikisa 14, vaibreta 10, kompakta 7. Kwa bei za yadi ni 980,000, 300,000 na 420,000, jumla 1,700,000. Lakini hiyo si hasara halisi. Kati ya mikisa 14, mistari sita ilikuwa jozi tatu za kodi zilizoongezwa muda, ambapo mstari wa pili ulianza siku ile ile wa kwanza ulipoishia. Jozi kama hiyo ilipoteza siku moja kwa pamoja, si mbili. Ondoa siku tatu za mikisa, 210,000, inabaki 1,490,000. Anayefanya hesabu hii kwenye yadi yake aunganishe kwanza mistari ya kuongeza muda, la sivyo atajikuta anaomboleza fedha ambazo hazikuwahi kuwa zake.

Wateja hawadaiwi. Walilipa walichoandikiwa, na tarehe za kurudisha walipewa na yadi. Mistari ya zamani imefungwa na fomula yake ya zamani, na risiti zote za kuanzia 19 Machi zina fomula mpya. Kodi zilizokuwa nje siku hiyo zilimalizwa kwa masharti ya risiti zao.

Fedha zilizotoka: 70,000 alizorudishiwa fundi wa kwanza, 70,000 alizoachiwa wa Iyunga, 70,000 za tarehe 19 alizorudishiwa mteja wa Tukuyu, na muhuri 25,000.

Majaribio yanayowekwa kwenye laha ya pembeni, yanaendeshwa kila fomula inapoguswa:

```
Siku ya kwanza   Siku ya mwisho   Jibu
03/03/2025       03/03/2025       1
03/03/2025       07/03/2025       5
28/02/2025       01/03/2025       2
28/02/2024       01/03/2024       3
01/08/2025       08/08/2025       8
07/03/2025       03/03/2025       KAGUA
(tupu)           (tupu)           (tupu)
```

Mstari wa Agosti umewekwa kwa ajili ya watu wa kaunta zaidi kuliko kompyuta. Jenereta zinazokwenda uwanja wa John Mwakangale kwa maonyesho ya Nane Nane hutoka tarehe 1 na kukaa hadi tarehe 8, na hakuna mtu Mbeya atakayekubali kwamba hizo ni siku saba.

Kilichobaki: laha ya jenereta na mahema bado inatumia kiolezo cha zamani, pamoja na ile seli ya `=C2+H2`. Itabadilishwa pande zote mbili siku moja, kabla oda za Agosti hazijaanza kuandikwa.